Je, wajua kwa nini maji yakipata joto ΔH huwa hasi?

*"Nilitia unga wa zinki kwenye mmumunyo wa salfeti ya shaba, halijoto ikapanda, nikapiga hesabu nikapata kilojuli 199 kwa moli. Kitabu kina namba inayokaribia hiyo, ila mbele yake kuna alama ya kutoa. Joto limeongezeka, sasa ΔH inakuwaje hasi? Na nitajuaje mwenyewe kwamba nimekosea alama kabla sijasahihishwa?"*

Kipimajoto ulikitumbukiza kwenye maji, na halijoto iliyopanda ni ya maji. ΔH haihesabu maji. Inahesabu nishati ya vitu vilivyomenyuka vyenyewe, yaani zinki na ayoni za shaba. Maji yalipokea joto, na joto lililopokelewa lazima liwe limetoka kwa mwingine. Hapa limetoka kwenye mmenyuko, kwa hiyo upande wa mmenyuko nishati imepungua, na kupungua huandikwa kwa alama hasi.

Kiswahili chenyewe kinatusaidia hapa. Neno "kutoa" ni la hesabu na pia ni la kumpa mwingine kitu. Mmenyuko unaotoa joto, ambao vitabu huuita wa eksothemiki, hubeba alama ya kutoa. Ule unaofyonza joto kutoka nje, wa endothemiki, hujiongezea nishati, kwa hiyo hubeba alama ya kujumlisha. Ukishika hilo, huhitaji tena kukariri ni upi hasi na ni upi chanya.

Sasa turudi kwenye jaribio lako tulipitie kwa namba. Tuseme ulitumia sentimita za ujazo 50 za mmumunyo wenye moli 0.2 kwa lita. Hapo una moli 0.01 za ayoni za shaba, na zinki umeweka ya kuzidi ili shaba yote iishe. Halijoto ilianza nyuzi 24.0 ikapanda hadi 33.5, yaani badiliko la nyuzi 9.5. Mmumunyo huo tunauchukulia kama gramu 50 za maji, na kila gramu ya maji huhitaji juli 4.18 ili ipande nyuzi moja.

```
q  = 50 × 4.18 × (33.5 − 24.0) = +1986 J
ΔH = −1.986 kJ ÷ 0.01 mol = −199 kJ/mol
```

Tazama mahali alama inapogeuka. Mstari wa kwanza ni wa maji: yamepata juli 1986, kwa hiyo ni chanya. Mstari wa pili ni wa mmenyuko, na ni hapo tu ile alama ya kutoa inapoingia, kwa sababu tumehama kutoka kwa aliyepokea kwenda kwa aliyetoa. Wewe uligawanya kwa moli ukaishia hapo, bila kuhama. Namba yako ilikuwa sahihi, lakini ulikuwa bado unayasemea maji.

Kitabu kinasema karibu −217, nawe ulipata 199. Pengo hilo ni jambo jingine kabisa. Sehemu ya joto ilipasha chombo, nyingine ikapotelea hewani, kwa hiyo maji hayakupanda nyuzi zote zilizostahili. Kuvuja kwa joto hupunguza ukubwa wa jibu, lakini hakuwezi kugeuza alama yake. Ukiona ukubwa unakaribia wa kitabu na alama imepinduka, usilaumu chombo. Kosa liko kwenye ule mstari wa pili.

Jaribio la kupoa ndilo linalowachanganya wengi zaidi, na naona inafaa kulipa nafasi. Chukua gramu 8 za nitrati ya amoniamu, ambazo ni moli 0.1, uziyeyushe katika gramu 100 za maji. Chombo kitakuwa baridi mkononi. Tuseme halijoto imeshuka kutoka nyuzi 24.0 hadi 18.5. Mwanafunzi akiona imeshuka, mkono wake huandika 24.0 toa 18.5 ili apate namba nzuri isiyo na alama, 5.5. Kisha anakumbuka kanuni ya kuweka alama ya kutoa mbele ya jibu, anaiweka, anapata −23, na tayari ameutangaza mmenyuko uliopoza maji kuwa umetoa joto.

Dawa yake ni kuandika halijoto ya mwisho toa ya mwanzo kila mara, hata kama jibu ni hasi.

```
q  = 100 × 4.18 × (18.5 − 24.0) = −2299 J
ΔH = −(−2.299 kJ) ÷ 0.1 mol = +23 kJ/mol
```

Maji yamepoteza, nitrati ya amoniamu imepata. Vitabu hutoa karibu +25.7, kwa hiyo tuko njia sahihi.

Mimi hushauri jambo moja hapa: andika alama kabla ya kugusa kikokotoo. Soma swali, jiulize maji yalipata joto au yalipoa, kisha weka pembeni ya karatasi alama ya kutoa au ya kujumlisha. Maji yamepata joto, weka ya kutoa. Yamepoa, weka ya kujumlisha. Hesabu ikiisha, linganisha. Zikigongana, unajua pa kutafuta hata kabla ya kufungua majibu.

Tahadhari moja. Kipimo hiki cha kupanda na kushuka kinafaa pale ambapo hakuna moto wa nje unaoendelea kupasha chombo. Ukipasha kabonati ya kalsiamu mpaka ivunjike kuwa oksidi ya kalsiamu na kabonidioksidi, kila kitu ni cha moto, na bado mmenyuko huo unafyonza joto: ΔH yake ni karibu +178 kwa moli. Joto unaloliona pale ni la tanuri. Lizime, na mmenyuko utasimama.

Upande wa pili kuna methani, ambayo haiwaki mpaka uiguse kwa kiberiti. Wapo wanaosema kwamba kwa kuwa imehitaji moto ili ianze, basi inafyonza joto. Kiberiti kinalipia mwanzo tu, ule mlima mdogo wa kuvunja vifungo vya kwanza. Ukishavukwa, moto unajiendesha wenyewe na kutoa nishati nyingi kuliko iliyoingia. ΔH hulinganisha mahali pa kuanzia na mahali pa kufikia, wala haijali urefu wa mlima ulio katikati. Na usigeuze hoja hiyo ukasema kila kinachojiendesha bila kupashwa kinatoa joto, maana nitrati ya amoniamu iliyeyuka yenyewe huku ikifyonza.

Methani hiyohiyo inafaa kuonyesha mtego uliobaki, pale ambapo huna kipimajoto bali jedwali la namba.

```
CH4 + 2O2 → CO2 + 2H2O
```

Ukitumia enthalpia za uundaji, yaani ΔH ya kuunda moli moja ya kila kitu kutoka kwenye elementi zake, unachukua mazao toa vitu vya mwanzo. Kabonidioksidi ni −393.5, mvuke wa maji ni −241.8 kwa moli, methani ni −74.8, na oksijeni ni 0 kwa kuwa ni elementi katika hali yake ya kawaida.

```
ΔH = [−393.5 + 2(−241.8)] − (−74.8)
   = −877.1 + 74.8 = −802.3 kJ/mol
```

Angalia zile alama mbili za kutoa zilizosimama mbele ya 74.8. Mwanafunzi akiandika moja tu anapata −951.9. Hili ni kosa baya kuliko la zinki, kwa sababu jibu bado ni hasi. Ukijiuliza tu kama mmenyuko unatoa joto, utasema ndiyo na kupita. Alama ya mwisho ni sahihi, kosa limejificha kwenye ukubwa. Ndiyo maana mabano hayo si pambo. Kila namba iingie ndani ya mabano pamoja na alama yake, ndipo uyafungue.

Ukitumia nishati za vifungo, mpangilio unageuka: vilivyovunjwa toa vilivyoundwa, yaani mwanzo toa mwisho. Wengi hukariri kanuni moja na kuitumia kwote, ndipo alama inapopinduka. Sababu ya kugeuka kwake inaeleweka. Kuvunja kifungo kunagharimu nishati siku zote, na kukiunda kunairudisha siku zote. Namba za jedwali la vifungo zote ni gharama za kuvunja, zote chanya. Kwa hiyo unaanza na ulicholipa kuvunja vya mwanzo, kisha unatoa kilichorudi vilipoundwa vipya.

```
kuvunja: 4(413) + 2(498) = 2648
kuunda:  2(805) + 4(463) = 3462
ΔH = 2648 − 3462 = −814 kJ/mol
```

Vilivyoundwa vimerudisha nishati nyingi kuliko iliyogharimu kuvunja vya mwanzo, ziada imetoka nje kama joto, na alama ni ya kutoa. Njia mbili tofauti zimetupa −802 na −814. Hazilingani kabisa kwa sababu nishati za vifungo ni wastani: 413 ya kaboni na hidrojeni imekusanywa kutoka molekuli nyingi, si methani peke yake. Pia zinahusu gesi tu, na ndiyo sababu nilichukua namba ya mvuke. Ukiweka maji ya kimiminika, yenye −285.8, njia ya uundaji itakupa −890.3, na utadhani umekosea alama mahali fulani ilhali umebadilisha hali ya maji tu.

Wastani huo unaweka mpaka mmoja. Kwa methani, kupotoka kwa kilojuli 12 si kitu mbele ya 800, na alama iko salama. Lakini ikiwa vilivyovunjwa na vilivyoundwa vinakaribiana, na jibu lako likatoka, tuseme, +6, alama hiyo usiiamini. Kupotoka kwa wastani peke yake kunatosha kuivusha upande wa pili wa sifuri. Hapo rudi kwenye enthalpia za uundaji, au upime kwa kipimajoto.