Chati ya Gantt kwenye saiti: dhana potofu na ukweli wa kuisoma

Tuchukue nyumba ya chini ya vyumba vitatu, inayojengwa kwa wiki 13, kila wiki siku 6 za kazi. Waashi ni 4 na wanalipwa kwa siku. Kwenye chati kila kazi ina mstari wake mnene unaoanzia wiki ya kuanza na kuishia wiki ya kumaliza. Linta na mkanda wa zege juu ya kuta vinaisha wiki ya 5, wiki ya 6 iko tupu, paa ni wiki ya 7 na 8. Mabomba ya waya za umeme yanalazwa ukutani wiki ya 8 na 9. Plasta ya ndani, mita za mraba 288, ni wiki ya 9 na 10 kwa waashi 3. Plasta ya nje, mita 96, ni wiki ya 10 peke yake kwa waashi 2. Sakafu ni wiki ya 11 kwa waashi wote 4, halafu rangi na karo la choo wiki ya 12 na 13. Chati inapendeza machoni, lakini ina makosa.

Dhana: Mistari ikipandana kuna tatizo, isipopandana ratiba iko salama.

Kupandana peke yake hakusemi kitu. Ukiona mistari miwili kwenye wiki moja, angalia kama inataka watu walewale, kama inataka sehemu ileile, na kama kazi moja inangoja nyingine imalizike. Wiki ya 8 maseremala wako juu wanapiga bati na fundi umeme yuko chini anatindua kuta. Watu ni tofauti, sehemu ni tofauti, hakuna ubaya, mradi asifanye kazi chini kabisa ya wanaopigilia.

Wiki ya 10 ndiyo yenye kasoro. Plasta ya ndani inataka waashi 3, ya nje inataka 2, jumla 5, na saiti ina 4. Kasoro hii haionekani ukisoma chati kutoka kushoto kwenda kulia kama kitabu. Inaonekana ukishuka safu ya wiki moja kutoka juu hadi chini huku ukijumlisha watu. Ukishuka wiki ya 9 kwa namna hiyohiyo unakuta wanahitajika 3 tu, maana yake mmoja amekaa. Basi dawa iko palepale: plasta ya nje ianze wiki ya 9 kwa mwashi mmoja na iende wiki mbili. Kazi ni ileile, siku 12 za mwashi, na sasa kila wiki inahitaji watu 4 kamili.

Kwa wanaotumia Excel, kompyuta inaweza kujumlisha. Weka wiki ya kuanza kwenye safu C, wiki ya kumaliza kwenye D, idadi ya waashi kwenye E, na namba za wiki kwenye mstari wa kwanza kuanzia F1. Fomula hii iandikwe chini ya wiki ya kwanza, kisha iburutwe kulia:

```
=SUMPRODUCT(($C$2:$C$10<=F$1)*($D$2:$D$10>=F$1)*$E$2:$E$10)
```

Jumla ikizidi 4, mmepungukiwa; ikiwa chini ya 4, kuna anayelipwa bila kazi.

Dhana: Sehemu tupu kwenye chati ni uzembe wa aliyeipanga.

Wiki ya 6 ni tupu kwa sababu zege la mkanda linakomaa. Linamwagiliwa maji walau siku 7 na saidia fundi mmoja anatosha. Aliyepanga amekosea jambo dogo tu: hakuchora mstari wa kumwagilia, kwa hiyo mtu mwenye haraka ataliona pengo na kulivuta paa hadi wiki hiyo.

Uzembe wenyewe umejificha wiki ya 7 na 8, ambako chati imejaa mistari. Ni mistari ya maseremala na fundi umeme. Mwashi hana lake. Kuanzia wiki ya 6 hadi ya 8 waashi 4 wanakaa siku 18 kila mmoja, jumla siku 72 za malipo. Karo la choo, ambalo limesukumwa hadi wiki ya 12 bila sababu, linahitaji waashi 2 kwa wiki mbili na halingoji paa wala plasta. Likivutwa hadi wiki ya 6 na 7, siku 24 zinapata kazi. Zilizobaki 48 ni za kuwaachia waashi waende, kwa ahadi ya kurudi wiki ya 9. Wakiwa wa kulipwa kwa kazi badala ya siku, mwenye nyumba haoni hasara hapo, ila anaiona baadaye, pale mafundi wanapokuwa wameshapata saiti nyingine na hawarudi.

Dhana: Nusu ya muda ikipita, nusu ya kazi imefanyika.

Huu ndio uongo unaotoka saiti mara nyingi zaidi, na anayeusema huwa hadanganyi kwa makusudi. Jumamosi ya wiki ya 9 msimamizi anapaka rangi nusu ya mstari wa plasta ya ndani kwa sababu siku 6 kati ya 12 zimepita. Chukua futi kamba upime. Mpango ni mita 24 kwa siku, yaani 8 kwa kila mwashi, kwa hiyo zilitakiwa 144. Ukutani ziko 96, sawa na mita 16 kwa siku. Zimebaki 192, na kwa mwendo huo ni siku 12 nyingine. Plasta itaisha wiki ya 11 na sakafu itasogea wiki moja.

Waashi 3 wamelipwa jumla ya siku 18 na wametoa kazi ya siku 12. Siku 6 zimekwenda wapi? Rudi kwenye mistari iliyopandana: fundi umeme yuko wiki ya 8 na 9, na huwezi kupiga plasta ukuta ambao bomba halijalazwa. Waashi walikuwa wanamngoja chumba kwa chumba. Kuta za nje hazikuwa na mabomba. Kama siku zile 6 za kungoja zingepelekwa nje, zingetoa mita 48, na pamoja na 48 za yule mmoja, plasta ya nje ingeisha wiki ya 9. Wiki ya 10 wote 4 wangeingia ndani, na kwa siku 6 wangetoa mita 192 zilizobaki, ikiwa fundi umeme amemaliza.

Dhana: Kazi ikichelewa, sogeza tu mstari wake.

Ukisogeza mstari bila kuacha ule wa zamani, umefuta ushahidi. Chora mpango kwa kijivu na hali halisi chini yake kwa rangi nyingine. Kwenye Microsoft Project bonyeza `Set Baseline` kabla ya kazi kuanza, kisha usome kwenye `Tracking Gantt`. Halafu uliza nani anangoja. Plasta ya ndani inangojwa na sakafu, na sakafu inangojwa na rangi, kwa hiyo wiki moja ikipotea pale, makabidhiano nayo yanasogea wiki moja. Plasta ya nje inangojwa na rangi ya nje tu. Kama rangi hiyo ni ya wiki ya 13, plasta ya nje inaweza kuchelewa siku kadhaa bila yeyote kusogezwa, ila iachiwe muda wa kukauka kabla ya brashi kugusa.