Beji ya eksirei haikingi mionzi

"Ukivaa beji, mionzi haikupati."

Ujumbe huu huzunguka kwenye magrupu ya wahudumu wa afya Kisumu na Nakuru. Beji hupima tu dozi iliyokwisha kukufikia. Kinga ni umbali, aproni na ukuta vyenye madini ya risasi. Watu huchanganya kwa kuwa beji na aproni huvaliwa pamoja.

Soma ripoti ya beji yako: dozi ya milisivati 1.2 kwa miezi 3, ikiendelea hivyo, ni 4.8 kwa mwaka, chini ya kikomo cha wastani wa 20. Ila beji iliyosahauliwa kwenye aproni ndani ya chumba cha eksirei husajili dozi ambayo hakuna aliyeipata, na iliyoachwa drooni hukosa dozi uliyopata kweli. 

Tafadhali, ukiupata ujumbe huo wa beji usiusambaze.