Bayo ya duka la Insta ni nini hasa, na unaandikaje ikakaa kwenye herufi 150

Bayo ni yale maneno machache yanayokaa chini ya jina la akaunti yako, juu ya picha zote. Kwa mtu binafsi ni kujitambulisha tu, ila kwa duka dogo la mtandaoni ndo kibao cha mlangoni, mtu akipita anataka kujua unauza nini, nikiagiza saa hizi utanijibu, na hela nalipaje. Instagram inakupa herufi 150 tu na hapo nafasi, koma na imoji vyote vinahesabiwa, kwa hiyo ukianza na "Karibuni sana wapendwa, bidhaa bora kwa bei nafuu, Mungu kwanza" umeshakula karibu nusu ya eneo na mteja bado hajui kama unauza vitenge au vitumbua.

Tuchukue mfano mmoja tuumalize. Shoga yangu anauza mashuka Sinza, hana fremu, stoo ni chumba cha wageni nyumbani kwake na mzigo anafuata Kariakoo. Bayo yake ya kwanza ilisomeka hivi: "Home of quality, tunauza rejareja na jumla, delivery ipo, njoo inboksi kwa bei". Neno shuka halimo kabisa! Ye alidhani picha zinatosha, lakini watu wanaingia kwenye profaili kutoka posti moja, wanasoma mistari mitatu minne wanaondoka. Halafu hiyo ya "njoo inboksi kwa bei" mi naipinga kila siku, mtu wa Dar akiona hivyo anajua ama bei ni kubwa ama utamwangalia usoni kwanza. Si lazima uweke bei zote, weka ya kuanzia.

Tulikaa tukaiandika upya, ikatoka hivi:

```
Mashuka ya pamba 5x6 na 6x6, kuanzia 25,000/=
Oda: J3-Jmosi, saa 2 asubuhi-11 jioni
Dar unalipa ukipokea, mkoani kabla
Lipa Namba tu, jina la duka
```

Ukihesabu na kushuka mstari inafika 146, imebaki nne za akiba. Bei hapo ni ya kwake na wewe utaweka yako. Kwenye "jina la duka" yeye kaandika jina lenyewe kabisa, mi nimelificha.

Mstari wa kwanza ni bidhaa yenyewe na saizi, kwa sababu anayetafuta shuka ana kitanda tayari nyumbani na swali lake la kwanza ni la futi. Kama unauza viatu vya watoto taja umri au namba, kama ni keki taja kilo. Sinza haimo kwenye bayo maana tuliipeleka kwenye sehemu ya jina, ile inayoandikwa kwa herufi nzito juu ya bayo, tukaweka "Mashuka Sinza Dar". Hiyo sehemu Instagram inaitumia mtu akitafuta, kwa hiyo jina la kimapenzi kama "Malaika Collection" peke yake halikusaidii kitu. Fikiria kabla ya kusevu, kwani jina hilo unaruhusiwa kulibadili mara mbili tu ndani ya siku 14.

Masaa sasa, hapa ndo watu wanachemsha. Masaa ya oda sio masaa ambayo simu yako ipo hewani, ni muda ambao mtu akiagiza utamjibu na mzigo utaandaliwa. Yeye zamani aliandika "Order 8 - 5". Mmoja anasoma saa nane mchana, mwingine anasoma saa mbili asubuhi kwa kizungu, na kuna mama alimpigia saa 11 alfajiri kabisa akijua ndo hiyo tano sijui kahesabu vipi. Kwa Kiswahili saa bila asubuhi, mchana au jioni haijakamilika, andika neno zima hata kama linakula herufi saba. Na hiyo 11 jioni haikutoka hewani, boda wake anataka mizigo ya mwisho muda huo ndo afike Mbagala au Kigamboni kabla hakujawa usiku sana. Mizigo ya mkoani nayo lazima ipelekwe stendi ya Magufuli kule Mbezi, na foleni ya Morogoro Road unaijua, kwa hiyo oda ya mkoani ikiingia jioni anamwambia mtu mapema kwamba itaondoka kesho. Hili la mwisho halikuenea kwenye bayo, liko kwenye posti aliyoibandika juu.

Malipo yana vitu viwili, lini na kwa njia gani. Lini: Dar mtu anafungua mfuko, anashika shuka, analipa, boda anaondoka. Mkoani haiwezekani hivyo, basi likishaondoka na mzigo wako huna wa kumdai, ndo maana ni kabla. Ukiiandika wazi unapunguza ule ubishani wa "nitumie kwanza nitalipa nikipata". Usiandike "lipa ukipokea" kwa wote halafu ukambadilikia mtu wa Tabora inboksi, atakuona tapeli na kwa kweli sitamlaumu.

Njia: Lipa Namba ni namba ya biashara, sio ya kutumiana hela. Mteja akiiingiza kwenye simu, kabla hajaweka namba ya siri anaonyeshwa jina lililosajiliwa. Hilo jina ndo ulinzi wenu wote wawili. Mimi mwenyewe niliwahi kuagiza sufuria kwa akaunti moja hivi, nikapewa namba ya kawaida, nikaweka kiasi, likatokea jina la mwanaume ambalo halifanani na chochote pale dukani. Nikaghairi. Baadaye ikajulikana ni ya shemeji wa mwenye duka, laini yake yeye ilikuwa imejaa, lakini ningejuaje?

Wengi wanauliza, si niweke namba yenyewe kwenye bayo? Mi nasema weka jina, namba mpe mtu akishathibitisha oda. Ukiiweka pale watu watalipia shuka ambalo limeisha asubuhi uanze kurudisha hela na makato juu. Pia matapeli wanakopi bayo nzima na picha zako wanabadili tarakimu tu, nani atagundua tarakimu moja? Jina likiwa limeandikwa, mteja ana kitu cha kulinganisha na kinachotokea kwenye simu yake.

Kilichobaki ni linki ya WhatsApp. Usiiandike ndani ya zile herufi 150 kwani pale haibonyezeki, iweke kwenye sehemu ya linki ukiedit profaili. Inaandikwa hivi:

```
https://wa.me/2557XXXXXXXX
```

Yaani 255 halafu tarakimu tisa za laini yako, bila alama ya kujumlisha na bila ile sifuri ya mbele. Sifuri ndo inawaponza wengi, wanaandika 25507 halafu wanashangaa wiki nzima hakuna aliyekuja. Ukimaliza chukua simu ya mtu mwingine, ingia kwenye akaunti yako, ibonyeze uone kama inafungua chati yako.