Asilimia 20 za Uendeshaji, Lakini Asilimia 20 za Nini?

Anayechangia taasisi ya hisani huuliza maswali mawili: katika kila mia aliyotoa, ngapi zimeishia ofisini, na kumhudumia mtu mmoja kumegharimu kiasi gani? Majibu yote mawili hutafutwa kwenye taarifa ya mapato na matumizi ya mwaka, na hesabu yenyewe ni ya kugawanya tu. Ugumu uko katika kujua ni kitu gani kinagawanywa, na kinagawanywa kwa nini.

Tuchukue mfano wa kubuni wa taasisi inayopima watu macho na kuwapa miwani. Kwa mwaka mmoja imepata milioni 520 na kutumia milioni 500, zilizopangwa katika mafungu matatu: huduma milioni 400, utawala milioni 60 na uchangishaji wa fedha milioni 40. Gharama za uendeshaji ni utawala na uchangishaji kwa pamoja, yaani milioni 100, ambazo ni asilimia 20 ya matumizi yote. Wapo wanaogawanya kwa mapato badala ya matumizi. Njia hiyo hupotosha, kwa sababu mfadhili akileta fungu kubwa mwishoni mwa mwaka, kabla halijatumika, asilimia hushuka ingawa ofisi haijabana chochote.

Sasa tufungue kurasa za maelezo ya hesabu, ambazo wasomaji wengi huziruka. Humo tunakuta kwamba milioni 120 za mapato hazikuwa fedha taslimu, bali fremu na lenzi zilizotolewa na kiwanda na kuthaminishwa kwa bei ya dukani. Thamani hiyo iliandikwa upande wa mapato vitu vilipopokewa, kisha ikaandikwa kwenye fungu la huduma vilipogawiwa. Kufanya hivyo si udanganyifu, na mara nyingi kanuni za uhasibu ndivyo zinavyotaka. Hata hivyo, tukiiondoa ili kuona fedha zilizopita mikononi mwa taasisi, matumizi yanabaki milioni 380, na milioni 100 zilezile za uendeshaji zinakuwa asilimia 26. Na kama fremu hizo zingethaminishwa mara mbili zaidi, kwa milioni 240, asilimia ingeshuka hadi 16, ilhali ofisini watu ni walewale na bili ni zilezile. Kwa hiyo, penye misaada mingi ya vitu, swali la kwanza liwe nani aliyepanga bei na kwa kigezo gani.

Sehemu nyingine ya kuangalia ni gharama za pamoja, kama vile mshahara wa mkurugenzi, kodi ya jengo na mafuta ya gari. Ni halali sehemu yake kuwekwa kwenye huduma, mradi mgawanyo una msingi unaoonekana, mfano karatasi za muda wa kazi au ukubwa wa vyumba. Linganisha miaka miwili: mwaka jana robo ya mshahara wa mkurugenzi iliwekwa kwenye huduma, mwaka huu robo tatu, na maelezo hayasemi kazi yake imebadilikaje. Hapo huenda kilichohama ni kalamu ya mhasibu, wala si mkurugenzi.

Tukija kwa wanufaika, ripoti inasema walikuwa 25,000. Milioni 500 kwa watu hao ni 20,000 kwa kila mtu, hesabu inayoonekana safi. Lakini wote 25,000 walipimwa macho, na 5,000 tu kati yao ndio waliopewa miwani. Tuseme katika milioni 400 za huduma, upimaji ulichukua 100 na miwani 300, halafu tugawe gharama za uendeshaji kwa uwiano huohuo, yaani milioni 25 na milioni 75. Kumpima mtu mmoja kumegharimu 5,000, na kumpatia miwani 75,000. Ile 20,000 haimhusu mtu yeyote aliyepita pale. Mbaya zaidi, mwakani taasisi inaweza kuishusha kwa kupima umati mkubwa zaidi na kugawa miwani michache.

Idadi yenyewe nayo ina mitego. Rejista ya kliniki mara nyingi huhesabu mahudhurio, hivyo mtu aliyekuja kupimwa, akarudi kuchukua miwani, kisha akarudi kurekebishiwa fremu, anaweza kuonekana kama watu watatu. Dalili yake ni ripoti inayotaja “waliofikiwa” bila kusema walifikiwa na nini. Ukikutana na neno hilo, iandikie taasisi uombe mambo mawili: idadi ya watu kwa kila huduma, jina la mtu likihesabiwa mara moja, na matumizi ya kila huduma peke yake. Taasisi inayotunza rejista na vitabu vyake vizuri huwa tayari inazo takwimu hizo.