Vichwa vya slaidi vinavyosomeka peke yake

Mwenyekiti wa ushirika mmoja wa wafugaji wa maziwa aliniletea faili la slaidi kumi na moja. Wiki mbili nyuma alikuwa amelipeleka benki kuomba mkopo, na afisa mikopo akampigia simu kumuuliza: "Mzee, mnaomba nini hasa?" Jibu lilikuwemo kwenye faili, slaidi ya nane, mstari wa tano. Afisa alikuwa amelifungua kwenye simu, akalipitisha kwa kidole, akasoma maandishi makubwa ya juu tu. Alichokutana nacho ni hiki: Utangulizi. Historia Fupi ya Ushirika. Muundo wa Uongozi. Hali ya Ukusanyaji wa Maziwa. Changamoto. Fursa. Mapendekezo. Bajeti. Marejesho. Hitimisho. Asante kwa Kunisikiliza.

Vichwa hivyo ungeweza kuvibandika juu ya maombi ya kisima, ya zahanati au ya mashine ya kusaga, na hakuna ambaye angegundua. Kazi yangu ni kutengeneza mawasilisho, na sehemu ninayoipa muda mwingi kuliko rangi na michoro ni hivi vichwa vya slaidi za ndani. Atakayeamua mara nyingi hayupo chumbani wakati unazungumza. Faili humfikia likiwa limetumwa na mtu mwingine, naye husoma vichwa kwanza ili ajue kama kuna haja ya kusoma zaidi.

Basi nikamwomba mzee anisimulie shida yao kama angemsimulia jirani. (Tarakimu nimezisogeza kidogo ili wasitambulike, lakini hesabu ni ileile.) Tangi lao la kupozea linabeba lita 3,000. Jioni wanachama huleta lita 1,100 zinazolala tangini, na asubuhi huleta 2,700. Boza la kiwanda hufika saa nne asubuhi. Hapo kuna lita 3,800 kwenye tangi la 3,000, na zile 800 zisizopata nafasi huuzwa kwa wachuuzi kwa shilingi 600, wakati kiwanda hulipa 1,000. Kila siku wanakosa shilingi 320,000. Wanataka tangi la pili.

Alimaliza kwa dakika tatu, na nilielewa kila kitu. Nikamwambia kuwa vichwa vya slaidi zake ni hizo dakika tatu, zikikatwa sentensi moja moja.

Kwanza tuliandika jibu: tunaomba mkopo wa milioni 80 tununue tangi la pili, na tutaulipa kwa maziwa ambayo leo tunayauza kwa bei ya chini. Halafu, kabla ya kufungua kompyuta, nikaandika kwenye karatasi sentensi ambazo msomaji lazima azikubali moja baada ya nyingine ili afike kwenye jibu hilo:

Tangi letu linabeba lita 3,000, lakini boza linapofika tuna lita 3,800.
Lita 800 za ziada tunawauzia wachuuzi, na tunakosa shilingi 320,000 kila siku.
Tangi la lita 2,000 lingepokea ziada yote. Bei yake na jenereta ni milioni 96.
Wanachama wameshachanga milioni 16. Tunaomba mkopo wa milioni 80.
Mkopo unalipika ndani ya miaka miwili.

Kipimo changu kati ya kichwa na kichwa ni kiunganishi. Nikisoma kwa sauti, je, naweza kutia "lakini", "kwa hiyo" au "ndiyo maana" katikati? Nikiweza, mawazo yanasukumana. Kama neno pekee linalokaa ni "pia", nimepanga vitu kama bidhaa kwenye rafu, na msomaji atatoka na orodha asiyojua aifanyie nini. Historia ya ushirika na muundo wa uongozi vilianguka kwenye kipimo hiki. Hatukuvitupa, tulivipeleka nyuma kwenye viambatisho, kwa sababu benki huvihitaji ikishavutiwa na hoja.

Kuna mtego wa lugha yetu hapa. Kiswahili cha ofisini kinapenda nomino: "Uboreshaji wa Ukusanyaji", "Umuhimu wa Upoaji", "Changamoto za Uhifadhi". Zinasikika nzito, ila hazidai chochote. Huwezi kukubali wala kukataa "uboreshaji". Tia kitenzi, na ghafla unalazimika kusema nani, nini na lini, kwa sababu kitenzi chetu hubeba vyote. Ndiyo maana nachagua njeo kwa uangalifu. "Lita 800 zilikosa nafasi" ni tukio lililopita, huenda limekwisha. "Zinakosa nafasi" ni shida ya leo. "Hukosa nafasi" ni desturi, na afisa mikopo anayesoma haraka ataihesabu kwa mwaka mzima. Silabi hiyo moja inaweza kubadilisha hesabu kichwani mwake. Nauepuka pia umbo la kutendwa, kama "imependekezwa", kwa sababu linamficha aliyependekeza, na mkopeshaji anataka kumjua mtu huyo kabla ya kitu kingine.

Kuhusu urefu, mistari miwili kwenye slaidi ni mwisho. Mara nyingi hayo ni maneno kumi hadi kumi na manne. Kichwa kikikataa kuingia, kwa kawaida kimebeba madai mawili, na hiyo ni slaidi mbili.

Vichwa vilipokamilika nilimsomea dada yangu, fundi cherehani, bila kumwonyesha slaidi yoyote. Nikamwomba anieleze wanachotaka watu hao. Alieleza vizuri, kisha akaniuliza, "Kaka, kwani hilo boza haliwezi kuja na jioni?"

Sikuwa na jibu, na kwenye mtiririko wangu halikuwepo. Nikampigia mzee. "Shikamoo mzee. Boza haliwezi kuja mara mbili?" "Marahaba, mwanangu. Haliwezi. Linazunguka vituo vinne kwa siku, likitoka kwetu linaishia kiwandani." Hiyo ikawa slaidi mpya kabla ya ile ya tangi: "Boza linahudumia vituo vinne kwa siku, haliwezi kurudi kwetu jioni." Pengo hilo lisingeonekana kwa kutazama slaidi zilizojaa maandishi. Lilionekana kwa sababu vichwa vilisimama vyenyewe, na kati ya viwili paliachwa tundu.

Sasa nifike penye uzito zaidi. Kichwa kinaweza kuwa sentensi kamili, yenye kitenzi, fupi, na bado kikampotosha asomaye vichwa tu. Mfano ninaoukumbuka kila ninapoandika ni wa chombo cha anga cha Columbia. Kilirushwa tarehe 16 Januari 2003, na sekunde kama 82 baadaye kipande cha povu kilibanduka kwenye tangi la mafuta kikagonga bawa la kushoto. Chombo kikiwa bado angani, wahandisi waliwasilisha slaidi kwa wasimamizi wa safari. Kichwa cha mojawapo kilisema, kwa maana yake, kwamba mapitio ya majaribio yanaonyesha makadirio ya kupenya kwa vigae vinavyokikinga chombo na joto yameelemea upande wa tahadhari. Anayesoma haraka anaondoka ametulia. Chini kabisa ya slaidi hiyohiyo, kwa herufi ndogo, iliandikwa kwamba hali halisi iko nje sana ya data za majaribio: kipande kilichogonga kilikadiriwa kuwa na inchi za ujazo 1,920, wakati kile cha majaribio kilikuwa na 3. Ni mara 640. Tarehe 1 Februari chombo kilisambaratika kikirejea, na watu wote saba wakafa. Tume iliyochunguza ajali ilichapisha slaidi hiyo kwenye ripoti yake ya Agosti 2003 na kuikosoa. Sababu za ajali zilikuwa nyingi, na sisemi kichwa kimoja ndicho kilichoiangusha Columbia. Nasema jambo kubwa kuliko yote kwenye ukurasa ule lilikaa mahali ambapo msomaji wa vichwa hafiki.

Kwa hiyo nikaupitia tena mwili wa kila slaidi ya ushirika nikitafuta mstari ambao ungemfanya msomaji abadili mawazo. Niliupata kwenye "Marejesho", ndani ya jedwali: kiangazi maziwa hupungua, na kwa miezi minne hakuna ziada kabisa. Kichwa chetu cha "kila siku" kilikuwa cha uongo kwa theluthi moja ya mwaka, na nilikiandika mimi. Hesabu ya kweli ni hii: ziada huleta shilingi milioni 9.6 kwa mwezi wa siku 30. Ukitoa umeme, mafuta ya jenereta na mshahara wa mlinzi, kama milioni 1.6, inabaki 8. Kwa miezi minane ni milioni 64 kwa mwaka. Miaka miwili ni 128, inayotosha kulipa 80 na riba.

Mzee alisita kuweka kiangazi juu. "Tutawatisha." Nikamweleza kuwa afisa akikutana nacho mwenyewe ndani ya jedwali, atajiuliza tumeficha nini kingine. Tukabadilisha kichwa cha pili kiseme "miezi minane kwa mwaka tunakosa shilingi 320,000 kila siku", na kabla ya kile cha mwisho tukaongeza: "Kiangazi hakuna ziada kwa miezi minne, kwa hiyo tunaomba marejesho yafuate msimu wa mvua."

Kwenye PowerPoint kuna njia rahisi ya kukagua kazi hii. Nenda `View`, kisha `Outline View`. Bofya kitufe cha kulia kwenye maandishi ya kushoto, chagua `Collapse`, halafu `Collapse All`. Vitabaki vichwa peke yake, vimepangana kama aya. Kama slaidi fulani inaonyesha namba bila maneno, aliyeitengeneza alifuta nafasi ya kichwa akachora kisanduku cha maandishi mahali pake. Kwenye kioo kinafanana na kichwa, lakini programu haikitambui, na msomaji asiyeona anayetumia kisoma skrini hatakisikia kama kichwa. Kirudishe kwenye nafasi yake halisi.

Slaidi za mafunzo sizifanyii hivi kila mara. Nikiwafundisha wafugaji kupima maziwa kwa laktomita, kichwa cha swali hufanya kazi vizuri zaidi, kwa sababu nataka wakisie kabla sijajibu. Slaidi ya picha moja tu naiacha na maneno mawili. Lakini faili litakaloombewa pesa na kusomwa na mtu nisiyemwona, hapana.

Mzee alipeleka faili jipya la slaidi saba na viambatisho vitatu. Afisa alipiga simu baada ya siku nne. Hakuuliza wanaomba nini. Aliuliza kama mvua za vuli zinahesabiwa ndani ya ile miezi minane, na kama kiwanda kimesaini kununua lita za ziada. Swali la kwanza mzee alilijibu papo hapo. La pili lilimpeleka kiwandani asubuhi iliyofuata, na barua aliyorudi nayo tuliiwekea slaidi ya nane, baada ya ile ya tangi: "Kiwanda kimekubali kwa maandishi kununua lita zote za ziada."