Je, wajua siprofloksasini inavyoua bakteria na kukuacha wewe?

"Nimepewa siprofloksasini ya taifodi kwenye duka la dawa hapa Kayole. Inawezaje kuua bakteria bila kuniua na mimi?"

Inakamata kimeng'enya kiitwacho jairesi, ambacho bakteria anacho na wewe huna.

DNA ya bakteria wa taifodi ni duara la jozi milioni 4.8 hivi za herufi. Nyuzi zake mbili zimesokotana, mzunguko mmoja kwa kila jozi 10 na nusu. Kabla ya kugawanyika, sharti bakteria azitenganishe ili kila uzi unakiliwe. Jaribu kuachanisha nyuzi za kamba ya katani iliyofungwa ncha ya pili: mbele ya vidole vyako msokoto unakaza mpaka kamba inajikunja yenyewe. Mashine ya kunakili ya bakteria hupita jozi zipatazo 1,000 kwa sekunde, kwa hiyo kila sekunde hukuta karibu mizunguko 95 ya kufungua. Mkazo usipoondolewa, kazi inakwama.

Jairesi ndiyo inayouondoa. Hukata nyuzi zote mbili, hupitisha kipande kingine cha DNA kwenye pengo, kisha huunga tena. Pengo likiwa wazi, ncha zilizokatwa hubaki zimegandishwa kwenye jairesi yenyewe, ndiyo maana haziponyoki.

Wengi hudhani dawa inaizuia jairesi isifanye kazi, basi. Ubaya wake umezidi hapo. Siprofloksasini hujipachika penye mkato na kuzuia kuunga. Mashine ya kunakili ikija mbio inagonga kizuizi hicho, ncha zinaachana, DNA inakatika. Bakteria hujaribu kukarabati, lakini mikato ikimzidi anakufa.

Sisi tuna ndugu wa jairesi, topoisomerasi ya pili. Umbo lake limetofautiana vya kutosha hivi kwamba tembe hiyo haiishiki vizuri kwa kipimo cha kawaida. Ila kinga hiyo si yetu peke yetu: badiliko la herufi moja tu kwenye gyrA, jeni inayotengeneza sehemu ya jairesi, humpunguzia bakteria makali ya dawa, na bakteria wa taifodi wa aina hiyo wameshapatikana hapa Kenya. Homa isiposhuka, kipimo cha kuotesha damu ndicho huonyesha dawa ipi bado inafaa, si kuongeza tembe.

Doksorubisini na etoposaidi, dawa za saratani, hufanya ujanja uleule kwenye topoisomerasi yetu wenyewe. Seli za saratani hugawanyika mara kwa mara na nyingi huwa na kimeng'enya hicho tele, hivyo huumia zaidi. Lakini mizizi ya nywele na uboho nao hugawanyika upesi, ndiyo maana nywele hunyonyoka na chembe nyeupe za damu hushuka. Ajabu ni moyo: seli zake hazigawanyiki sana, lakini zina aina nyingine ya topoisomerasi hiyo, na doksorubisini huikamata pia. Kwa hiyo madaktari hujumlisha kila dozi uliyowahi kupewa, na kuna kiwango wanachojitahidi wasikivuke hata kama uvimbe bado unasinyaa.