Fomu ya autocertificazione: kabla hujatia saini, jua komune wameandika nini kuhusu wewe

Wiki hii nimekaa tena na mama mmoja, mtu wa Tanga, anaishi komune moja ya kaskazini ya Italia na watoto wake wawili. Alikuja kwenye dawati letu la kusaidia wageni na barua mkononi, uso umebadilika kabisa, anasema dada wameniita mwongo. Kumbe barua yenyewe haikusema hivyo, ila aliona lile neno "mendaci" akaliweka kwenye simu, ikamtolea "uongo", basi usiku huo hakulala. Nataka nieleze kisa chake taratibu maana fomu aliyojaza ndiyo hiyo hiyo mnayopewa nyinyi kila siku kwenye kaunta za komune, na kosa alilofanya halikuwa la Kiitaliano kibovu, Kiitaliano anakijua vizuri tu.

Kwanza tujue hii karatasi ni nini. Autocertificazione imetokana na sheria ya tarehe 28 Desemba 2000, kwenye fomu utaiona imeandikwa D.P.R. 445/2000, na kazi yake ni kwamba badala ya wewe kwenda dirisha moja kuchukua cheti upeleke dirisha jingine, unaandika mwenyewe kwa mkono wako na saini yako inakaa mahali pa cheti. Na tangu tarehe 1 Januari 2012 ofisi za serikali haziruhusiwi tena kukudai cheti cha kitu ambacho ofisi nyingine ya serikali ya Italia tayari inacho. Ndio maana ukichukua cheti cha makazi leo utakuta kimeandikwa pale kwamba hakiwezi kupelekwa kwa ofisi za umma. Watu wengi wanapoteza hela ya stempu bure hapo, wanakuja na cheti kizuri halafu ofisa anakisukuma pembeni anawapa fomu wajaze.

Sasa maneno yenyewe. Juu ya fomu karibu zote unakuta sentensi moja ndefu haina pumzi, iko hivi:

```
Il/La sottoscritto/a ..., consapevole delle sanzioni penali
previste dall'art. 76 del D.P.R. 445/2000 in caso di
dichiarazioni mendaci, sotto la propria responsabilità
DICHIARA
```

"Sottoscritto" (mwanamke "sottoscritta") ni mimi niliyetia saini hapa chini. "Consapevole" ni nikiwa najua, yaani nimeshaonywa, siwezi kuja kusema baadaye sikuambiwa. "Dichiarazioni mendaci" ni maelezo ya uongo. Na "dichiara" sio anaomba. Hapa wengi wetu tunateleza, tumezoea barua za kwetu za "ninaomba ofisi yako tukufu", kwa hiyo mtu anajaza akidhani anaomba na ofisa ndiye atakayepima ukweli. Hapana. Hapo hakuna unachoomba, unatamka, na ukishatamka karatasi yako inahesabika kama cheti. Chini kidogo unaweza kukuta pia "decadenza dai benefici", maana yake ile faida uliyopewa kwa sababu ya karatasi hii, punguzo au posho au nafasi ya mtoto, inaondolewa ikionekana ulichoandika sio kweli.

Turudi kwa mama yetu. Alikuwa anaomba punguzo la chakula cha shule. Fomu ikamuuliza mambo mawili ya nyumbani kwake: "stato civile" na "famiglia anagrafica". Kwenye la kwanza akaweka alama kwenye "coniugata", ameolewa, na ni kweli ameolewa, ndoa ilifungwa Tanga, mume yuko Maskati anafanya kazi. Kwenye la pili akaandika watu watano: yeye, mume, watoto wawili alio nao, na mtoto wa kwanza ambaye yuko kwa bibi yake Tanga. Ukimuuliza anakujibu, sasa dada, mtoto niliyemzaa si familia yangu? Mi sina cha kumjibu hapo maana kwa Kiswahili yuko sawa kabisa.

Ila "famiglia anagrafica" sio familia kama tunavyoisema sisi. "Anagrafe" ni daftari la wakazi la komune, na familia ya daftari ni wale tu walioandikishwa kuishi nyumba moja na wewe, anwani moja, wenye uhusiano wa damu au ndoa au mapenzi. Mume wa Maskati hayumo. Mtoto wa Tanga hayumo. Mjomba anayelala sebuleni kwako miezi minane bila kujiandikisha naye hayumo, lakini shemeji aliyejiandikisha kwenye anwani yako halafu akahamia mji mwingine bila kutoa taarifa, huyo bado yumo hata kama humuoni. Yeye aliandika watano, daftari lina watatu. Ofisa anafungua kompyuta, dakika mbili tu ameshaona.

Kwenye ndoa ndiko kugumu zaidi. Sheria hiyo hiyo, kifungu cha 3, inasema raia wa nchi za nje ya Umoja wa Ulaya anayeishi Italia kihalali anaweza kutumia autocertificazione, lakini kwa mambo ambayo ofisi ya umma ya Italia inaweza kuyathibitisha tu. Hiki ndicho kipimo, na ukikishika hiki utajua la kufanya kwenye fomu yoyote: jiulize, kuna ofisi ya Italia yenye hii habari kwenye daftari lake? Anwani yangu ipo komune, sawa naandika. Mtoto wangu amezaliwa hospitali ya hapa, yupo, naandika. Ndoa yangu ya Tanga ambayo sijawahi kuileta komune haipo popote Italia, na hiyo siwezi kuitamka kwa saini yangu tu hata kama harusi ilihudhuriwa na mtaa mzima. Hiyo inatakiwa cheti kutoka nyumbani. Kwa Watanzania ni cheti cha ndoa cha RITA, ile karatasi ya msikitini au kanisani peke yake haitoshi, kikathibitishwe na wizara ya mambo ya nje halafu kipite ubalozi wa Italia Dar es Salaam pamoja na tafsiri yake ya Kiitaliano. Kikifika, unakipeleka komune wanaingiza kwenye daftari, na kuanzia siku hiyo "coniugata" unaiandika mwenyewe bila wasiwasi.

Hapo hapo niseme kuhusu maneno ya ndoa kwa sababu yanachanganya. Waitaliano kama sisi wanatofautisha kuoa na kuolewa, lakini kwa ambao bado: "celibe" ni mwanaume ambaye hajaoa, "nubile" ni mwanamke ambaye hajaolewa. Nimeshaona kaka mzima ameweka alama kwenye "nubile" kwa sababu ilimfanania na neno zuri. Wakishaoana wote ni "coniugato" au "coniugata". "Stato libero" ni pana zaidi, ni mtu yeyote ambaye sasa hivi hayumo kwenye ndoa, hata mjane au aliyeachika. Sasa mama huyu asiandike "nubile" pia, maana huo ndio ungekuwa uongo wa kweli. Kwenye daftari lake ilionekana hali ya ndoa haijathibitishwa kwa hati, na hivyo ndivyo tulivyoandika kwenye fomu ya pili, ile sehemu yenye mistari mitupu.

Barua aliyopata ilikuwa ya kifungu cha 71. Kifungu hicho kinawapa ofisi ruhusa ya kukagua, wakati mwingine wanachagua fomu chache tu, wakati mwingine wakiona kitu hakikai sawa. Ila kinasema pia kwamba ikiwa ni kasoro ambayo sio uongo, ofisa anakujulisha na wewe unarekebisha au unakamilisha, na usipofanya hivyo ombi lako linasimama. Kwa hiyo barua ya namna hii usiifiche kwenye droo. Tofauti unaiona kwenye maneno: ikiwa na "regolarizzare" au "integrare" wanakutaka urekebishe au uongeze. Ukiona "Procura della Repubblica" hapo ni mambo ya mwendesha mashtaka, tafuta wakili siku hiyo hiyo. Yake ilikuwa na "regolarizzare".

Kuna mtego mwingine nauona sana, na huu wanaingia watu waliokaa Italia miaka kumi, wanaojiona wenyeji. Neno "residente". Wewe unaishi hapo, funguo unazo, unalipa kodi ya nyumba, unaandika "residente in via" fulani. Lakini mgeni wa nje ya Ulaya kila akipata kibali kipya cha kuishi ana siku 60 za kwenda komune kutamka tena kwamba bado anaishi pale, wanaita "dichiarazione di dimora abituale". Watu wanasahau. Kibali kikipita miezi sita tangu kiishe muda na komune hawajaona kipya wanakutumia onyo la siku 30, na onyo likienda anwani ya zamani ndio basi, unafutwa kwenye daftari na hujui. Halafu unatia saini fomu kwamba wewe ni "residente". Kwa hiyo kabla ya kujaza chochote, kama una SPID au kitambulisho cha kielektroniki, ingia www.anagrafenazionale.interno.it uangalie walichoandika: jina, anwani, hali ya ndoa, nani yumo kwenye familia. Huna? Nenda kaunta uwaombe wakuonyeshe data zako. Unakopi kama ilivyo. Kama kuna kosa, rekebisha daftari kwanza ndio ujaze fomu, usifanye kinyume.

Na majina jamani. "Cognome" ni jina la ukoo, "nome" ni jina lako. Sisi wenye majina matatu, lako, la baba na la babu, tunayagawa kila fomu kivyake. Fuata kibali chako cha kuishi jinsi kilivyogawa, hata kama wamekosea, mpaka watakapokurekebishia.

La mwisho ni saini, maana fomu ziko mbili ingawa zinafanana kama mapacha. Ikiwa juu imeandikwa art. 46, mambo ya daftari kama anwani na familia, unatia saini basi. Ikiwa art. 47, inaitwa "atto di notorietà", haya ni mambo unayoyajua wewe mwenyewe, mfano kwamba kopi hii ni sawa na karatasi halisi, hapo unatia saini mbele ya ofisa anayepokea, au ukituma kwa posta au na mtu unaambatanisha kopi ya kitambulisho. Mzee asiyejua kuandika asiachiwe mjukuu amsainie, sheria inataka aende mwenyewe, ofisa amtambue kwa kitambulisho, amsikilize, aandike kwamba mzee ametamka mbele yake. Mama wa Tanga yake ilikuwa 46, tukajaza upya watu watatu, akatia saini, akairudisha siku ile ile kabla kaunta haijafungwa. Cheti cha RITA mdogo wake ndiye anakifuatilia.